Ratiba ya dakika 5 haimaanishi hasara ya dakika 5: kurudufisha mashine pepe kwenye seva ya pili

Ukifungua Proxmox VE, programu ya kuendesha mashine pepe kwenye seva, na kuiamuru irudufishe mashine pepe kwenye seva ya pili kila baada ya dakika 5, ni rahisi kwenda kumwambia mwenye biashara kwamba seva kuu ikifa atapoteza kazi ya dakika 5, basi. Ahadi hiyo si sahihi. Kwenye dakika hizo tano unapaswa kujumlisha muda ambao nakala inautumia njiani, na kuna saa za siku ambapo muda huo ni mrefu kuliko ratiba yenyewe. Ahadi ya pili, ya biashara kurudi kazini "papo hapo", nayo ina kasoro, kwa sababu kuwasha mashine ndiyo sehemu fupi kuliko zote.

Tutafuata mfano mmoja wa kubuni mwanzo hadi mwisho. Duka la jumla la vifaa vya ujenzi lipo Kariakoo, na ghala lake lipo Chang'ombe, jijini Dar es Salaam. Dukani kuna seva inayoitwa `pve1`, ghalani kuna `pve2`, na kati yao kuna faiba ya megabiti 50 kwa sekunde. Programu ya mauzo na hifadhidata yake ya PostgreSQL zinaishi ndani ya mashine pepe namba 101, yenye data ya gigabaiti 120.

Malengo mawili lazima yaandikwe kabla ya kugusa kibodi. La kwanza ni kiasi cha data tunachokubali kukipoteza, ambacho kwenye mikataba huandikwa RPO. La pili ni muda tunaokubali kukaa bila huduma, RTO. Usimuulize mwenye duka anataka kupoteza data kiasi gani, maana atajibu hataki kupoteza chochote. Muulize mauzo ya dakika ngapi yanaweza kuingizwa upya kwa mkono. Kila mauzo yana nakala ya karatasi dukani, yana risiti ya mashine ya EFD, na malipo ya simu yanaonekana kwenye taarifa ya Lipa Namba. Karani mmoja anaweza kuyarudisha mauzo ya dakika 10 kwa nusu saa. Mauzo ya saa nzima ni kazi ya saa tatu au zaidi na makosa kibao. Kwa hiyo lengo la kwanza ni dakika 10, na la pili ni saa 1, kwa sababu wauzaji wanaweza kuandika kwa mkono muda huo bila kuvuruga hesabu za ghala.

Nakala inasafirije

Urudufishaji wa Proxmox unategemea mfumo wa hifadhi wa ZFS pande zote mbili, na jina la hifadhi lazima lifanane kwenye seva zote, kwa kawaida `local-zfs`. Ratiba ikifika, `pve1` inapiga picha ya diski, yaani inaishika hali yake ya sekunde hiyo, inailinganisha na picha ya awamu iliyopita, kisha inatuma vipande vilivyobadilika tu. `pve2` ikivipokea vyote, picha ya zamani inafutwa na hii mpya inabaki kuwa msingi wa awamu inayofuata. Umeme ukikatika katikati ya safari, kipande kilichofika nusu hutupwa, na diski ya `pve2` inabaki ilivyokuwa kwenye picha iliyotangulia.

Hesabu ya hasara inaanzia hapo. Tuseme picha imepigwa saa 3:15 asubuhi na kufika salama, na nyingine imepigwa saa 3:20 ambayo safari yake ni dakika 1. Seva ikifa sekunde moja kabla safari hiyo haijaisha, unachobaki nacho ni picha ya saa 3:15. Umepoteza dakika 6. Hasara kubwa kabisa ni nafasi kati ya picha mbili ukijumlisha muda wa safari, na muda wa safari ni ukubwa wa mabadiliko ukigawanya kwa kasi ya njia. Ratiba unaichagua mwenyewe. Mabadiliko unapaswa kuyapima.

ZFS inakupimia bila shida. Saa yenye wateja wengi, piga picha ya muda, subiri dakika 5 kamili, kisha uliza kiasi kilichoandikwa tangu hapo:

```
zfs snapshot rpool/data/vm-101-disk-0@kipimo
zfs get written rpool/data/vm-101-disk-0
zfs destroy rpool/data/vm-101-disk-0@kipimo
```

Pima kwa dakika 5, usipime saa nzima halafu ukagawanya kwa 12. Hifadhidata huandika kurasa zilezile mara nyingi. Ndani ya saa moja ukurasa ulioandikwa mara kumi unahesabiwa mara moja, lakini kwenye urudufishaji wa kila dakika 5 utatumwa tena katika kila awamu ulioguswa. Ukigawanya, utapata namba ndogo kuliko hali halisi.

Dukani kwetu kipimo kinatoa megabaiti 300 kwa dakika 5. Faiba ya megabiti 50 inabeba takriban megabaiti 6 kwa sekunde, lakini simu za ofisi na kamera nazo zinaitumia, kwa hiyo tunaufungia urudufishaji kwenye megabaiti 5 kwa sekunde. Megabaiti 300 zinapita kwa sekunde 60. Hasara ya juu ni dakika 6, ndani ya lengo la dakika 10.

Usiku mambo ni tofauti. Saa 7:00 programu ya mauzo inatoa chelezo ya hifadhidata kwa `pg_dump`, na kuiandika kwenye diski ileile. Faili hilo la gigabaiti 20 ni mabadiliko kama mengine. Kwa megabaiti 5 kwa sekunde linahitaji sekunde 4,000, yaani zaidi ya saa moja na dakika 6, na katika muda wote huo hakuna awamu mpya inayoanza. Ukiongeza kasi ya ratiba hutasaidika kitu, kwa sababu njia ndiyo imejaa. Dawa ni kuipa chelezo diski ya pili, tuseme ya gigabaiti 40, na kuiambia Proxmox isiirudufishe:

```
qm set 101 --scsi1 local-zfs:40,replicate=0
```

Chelezo yenyewe usiache kuitoa, na uitunze mahali pengine. Urudufishaji hubeba makosa kwa uaminifu uleule unaobeba data: mtu akifuta jedwali la wateja, dakika chache baadaye limefutika na Chang'ombe, na kazi hii haitunzi picha za zamani za kurudi nyuma.

Kuianzisha, na akidi ya kura

Seva mbili zinaunganishwa kwanza kuwa klasta moja. Corosync, sehemu inayozifanya ziongee, inataka ucheleweshaji wa chini ya milisekunde 5, kwa hiyo mpango huu unafaa kwa majengo mawili ya mji mmoja yenye faiba nzuri. Kati ya Dar es Salaam na Mwanza usijaribu. Hapo tumia `pve-zsync`, ambayo hupeleka picha za ZFS kwa SSH bila kuhitaji klasta, ingawa kazi ya kuiwasha mashine upande wa pili itabaki kuwa ya mikono yako mtupu.

Klasta ikishasimama, kazi yenyewe ni mstari mmoja:

```
pvesr create-local-job 101-0 pve2 --schedule "*/5" --rate 5
pvesr status
```

Awamu ya kwanza inabeba gigabaiti zote 120, na kwa kasi hiyo itachukua saa 6 na dakika 40. Ianzishe jioni duka likifungwa, au uzilaze seva zote mbili kwenye meza moja kabla `pve2` haijapelekwa ghalani.

Ndani ya mashine pepe sakinisha `qemu-guest-agent`, kisha upande wa seva uiruhusu kwa `qm set 101 --agent enabled=1`. Bila yeye, picha ya diski inafanana na kompyuta iliyozimikiwa na umeme ghafla. PostgreSQL huvumilia hali hiyo kwa kusoma kumbukumbu zake za WAL, lakini mifumo mingine haivumilii, na mashine yenye diski kadhaa ina hatari zaidi kwa kuwa kila diski hupigwa picha yake peke yake. Wakala huyu huigandisha mifumo ya faili kwa muda mfupi ili picha zote zishike hali moja. Pamoja na hayo, hifadhidata na WAL yake ziweke kwenye diski moja. Sababu utaiona siku ya janga.

Sasa akidi, yaani idadi ya kura ambayo klasta inaihitaji ili ikubali mabadiliko. Klasta ya seva mbili ina kura mbili, na akidi ni kura zote mbili. `pve1` ikifa, `pve2` inabaki na kura moja, inapoteza akidi, na saraka ya `/etc/pve` inageuka ya kusomwa tu. Wengi hukutana na jambo hili kwa mara ya kwanza siku ya janga: nakala ipo, seva ipo, lakini hakuna amri inayokubali. Njia mojawapo ni kuweka mpiga kura wa tatu, QDevice, kwenye kompyuta ndogo iliyo mahali pa tatu. Ukimweka dukani karibu na `pve1` atakufa nayo. Njia nyingine ni kuipunguza akidi kwa mkono, na kwa biashara ya ukubwa huu naiona ndiyo njia bora, kwa sababu inamlazimisha binadamu kuamua.

Uamuzi huo una uzito. Tuseme `pve1` haijafa, bali trekta limekata faiba. `pve1` nayo itapoteza akidi, lakini mashine pepe zilizokwisha kuwaka zinaendelea kuwaka na wauzaji wa Kariakoo wanaendelea kuuza. Ukiwasha nakala ghalani, utakuwa na vitabu viwili vya mauzo vyenye namba zilezile na bidhaa tofauti, na hakuna amri ya kuviunganisha. Kwa hiyo sharti liandikwe wazi: nakala haiwashwi mpaka mtu aliye dukani athibitishe kwa simu kwamba `pve1` imezimwa na waya wake wa umeme umechomolewa.

Jumatatu saa 3:20 asubuhi

Ni Jumatatu, tarehe 10 Juni 2024. Ubao wa umeme wa duka unaungua saa 3:20 na sekunde 40. Awamu ya saa 3:20 ilikuwa bado njiani. Fundi yupo mjini na anapigiwa simu saa 3:28. Saa 3:38 amethibitishiwa kwamba seva haina umeme na haitarudishiwa leo. Anaingia `pve2`, na jambo la kwanza ni kutazama, bado hajawasha kitu:

```
zfs list -t snapshot -r rpool/data
```

Anaona picha yenye jina `@__replicate_101-0_1718000102__`. Tarakimu zile ni saa ya kupigwa kwa picha, kwa sekunde:

```
date -d @1718000102 +%T
```

Jibu ni `09:15:02`, yaani saa 3:15 asubuhi. Hasara sasa inajulikana kabla mashine haijawaka: kuanzia saa 3:15:02 hadi 3:20:40, dakika 5 na sekunde 38. Anampigia msimamizi wa duka atafute karatasi za mauzo za muda huo, na kazi hiyo inaanza wakati yeye anaendelea.

Mashine ingekuwa na diski mbili zinazorudufishwa, hapa ndipo angegundua mtego. Diski hutumwa moja baada ya nyingine, hivyo kifo cha katikati ya safari kinaweza kuiacha ya kwanza ikiwa ya saa 3:20 na ya pili ikiwa ya saa 3:15. Hifadhidata upande mmoja na WAL yake upande mwingine, kila moja na saa yake, hazitawaka salama. Picha ya zamani bado huwa ipo kwenye diski iliyotangulia, na `zfs rollback -r` huirudisha hadi kwenye picha wanayoichangia, lakini ni lazima ufanye hivyo kabla ya kuwasha.

Kisha:

```
pvecm expected 1
pvesr disable 101-0
mv /etc/pve/nodes/pve1/qemu-server/101.conf \
   /etc/pve/nodes/pve2/qemu-server/
qm set 101 --delete scsi1
qm start 101
```

Mstari wa kwanza unashusha akidi. Wa pili unasimamisha urudufishaji, na tutaona kwa nini. Wa tatu unahamisha faili la mipangilio, maana kwa Proxmox mashine ni ya seva ile ambayo faili lake lipo. Wa nne unaondoa diski ya chelezo. Haikurudufishwa, kwa hiyo Chang'ombe haipo, na mashine ingekataa kuwaka ikiidai. Kosa linalofanana na hilo, na linalotokea mara nyingi zaidi, ni faili la ISO lililosahaulika kwenye kiendeshi cha CD tangu siku ya usakinishaji. Liondoe leo kwa `qm set 101 --ide2 none,media=cdrom`. Hakikisha pia daraja la mtandao lina jina moja pande zote, mathalani `vmbr0`.

Saa 3:46 ukurasa wa kuingia unafunguka. Wengi hutangaza hapa kwamba huduma imerudi, na wanakosea. Hifadhidata inaamini ni saa 3:15 na kwamba ankara inayofuata ni namba 48412, lakini namba 48412 hadi 48419 zimekwisha kutolewa, na wateja wamekwenda nazo. Wauzaji wakiruhusiwa kuingia sasa, namba zitarudiwa. Kaunta irukishwe kwanza:

```
UPDATE kaunta SET namba_ijayo = 48500
WHERE aina = 'ankara';
```

Ankara nane zilizopotea zinaingizwa baadaye kwa namba zake za asili. Kama programu imeunganishwa na EFD, ziingizwe kwa njia isiyotoa risiti mpya, la sivyo mauzo yaleyale yatahesabiwa mara mbili kwenye ripoti ya Z ya jioni. Malipo ya simu yalinganishwe na taarifa ya Lipa Namba ya muda huo.

Iliyobaki ni anwani. Kama duka na ghala vina mitandao tofauti, mashine inahitaji anwani ya IP ya ghalani, na kompyuta za wauzaji zinapaswa kuitafuta kwa jina, huku muda wa kumbukumbu wa DNS ukiwa mfupi, tuseme sekunde 60. Jina lililokaririwa kwa saa 24 litakula lengo lako lote huku seva ikiwa nzima. Saa 4:05 wauzaji wanaingia. Zimepita dakika 44. Amri zote na kuwaka kwa mashine vimechukua dakika 8 za kwanza baada ya uthibitisho. Nyingine zote zilikuwa za kupata habari, kuamua na kuhakiki. Anayetaka kuipunguza RTO aanzie huko: nani anapigiwa simu, nani ana ruhusa ya kusema "washa", na karatasi ya hatua ipo wapi.

Kuijaribu bila kuigusa

Nakala usiiwashe kwa majaribio. Tengeneza tawi lake lenye namba nyingine, uliwashe bila waya wa mtandao:

```
zfs clone \
 rpool/data/vm-101-disk-0@__replicate_101-0_1718000102__ \
 rpool/data/vm-901-disk-0
```

Unda mashine 901 inayotumia diski hiyo, fungua hifadhidata, tazama ankara ya mwisho ina saa ngapi, kisha ulifute tawi siku hiyohiyo. Likiendelea kuwepo linaizuia picha yake isifutwe, na urudufishaji utaanza kulalamika.

Kati ya jaribio na jaribio, angalia `LastSync`, `Duration` na `FailCount` kwenye `pvesr status`. Kazi ikishindwa, Proxmox huisimamisha ratiba ya kawaida na kujaribu tena kwa vipindi virefu, hadi nusu saa. Mtandao uliokatika kwa muda mfupi unaweza kukuachia nakala yenye umri mkubwa kuliko ratiba yako, na kila kitu kingine kinaonekana kizima. Weka kengele inayolia `LastSync` ikizidi dakika 10. `Duration` ikianza kupanda wiki hadi wiki, data inakua na hesabu ya sekunde 60 haifai tena. Kwa upande mwingine, ukihitaji hasara iliyo chini ya dakika moja, usiibane ratiba hii, ambayo kikomo chake ni dakika 1. Tumia urudufishaji wa PostgreSQL wenyewe, unaopeleka WAL mfululizo, na uache huu wa diski kwa mashine nzima.

`pve1` inaporudi

Siku umeme wa duka unatengenezwa, diski ya `pve1` ina kitu ambacho Chang'ombe hakipo: zile dakika 5 na sekunde 38. Urudufishaji ukiamka ukielekea upande wa pili, kutoka `pve2` kwenda `pve1`, utairudisha diski hiyo hadi kwenye picha ya saa 3:15 ili ipokee mabadiliko mapya, na zile ankara nane zitafutika moja kwa moja. Ndiyo maana tuliisimamisha kazi mapema. Washa `pve1` ikiwa haina waya wa mtandao, na usiipe `pvecm expected 1`, kwani kukosa akidi ndiko kunakoizuia isiiwashe mashine 101 ya zamani. Ibadilishe diski jina:

```
zfs rename rpool/data/vm-101-disk-0 rpool/data/vm-101-zamani
```

Sasa chomeka mtandao. Klasta itaungana, na `pve1` itajifunza kwamba 101 imehamia `pve2`. Futa kazi ya zamani, unda mpya inayoelekea `pve1`, na uiache ibebe gigabaiti 120 upya kwa saa 6 na dakika 40. Wakati huo ambatisha diski ya zamani kwenye mashine ya pembeni isiyo na mtandao, usome ankara 48412 hadi 48419, uzilinganishe na zile zilizoingizwa kwa karatasi. Zikilingana, diski ya zamani inafutwa. Usiku mmoja duka likiwa limefungwa, mashine inazimwa na kurudishwa kwa `qm migrate 101 pve1`. Yanayosafiri ni mabadiliko ya dakika za mwisho tu, na mwelekeo wa urudufishaji unageuka wenyewe kwenda Chang'ombe.